Kutoka bohari ya kikosi hadi stoo ya saruji: barua ya kazi ya askari aliyemaliza utumishi

Barua ya kazi ya askari aliyemaliza utumishi ina mtihani ambao barua ya mhitimu wa chuo haina. Mhitimu huambatisha cheti, na mwajiri anajua cheti hicho kilisomewa wapi, kwa miaka mingapi na kwa masomo gani. Askari anakuja na miaka kumi au ishirini ya kazi iliyofanyika nyuma ya uzio. Mwajiri hajawahi kuingia huko wala hajui koplo hushinda akifanya nini, na picha aliyonayo ni ya gwaride la sikukuu ya taifa na bunduki begani. Barua ndiyo inayotakiwa kumwonyesha kazi yenyewe.

Barua nyingi hazimwonyeshi. Zinataja nidhamu, ukakamavu, uaminifu, uzalendo na uwezo wa kufanya kazi katika mazingira magumu. Hayo yote huwa ni kweli, na mengi mwajiri anayaamini kabla hajayasoma, ila hayamsaidii kuamua ampe mtu huyu kazi gani. Anaposoma nidhamu na ukakamavu, kazi ya kwanza inayomjia ni ulinzi. Ndiyo maana fundi wa mitambo, mpishi wa watu mia, mwendeshaji wa redio na mtunza bohari hujikuta wote wamekaa kwenye kibanda cha geti. Ulinzi ni kazi ya heshima na wapo wanaoipenda. Lakini mtu aliyetunza mali ya kikosi kwa miaka minane, kisha akalipwa kwa kufungua na kufunga geti, amepoteza ujuzi wake, na nchi iliyogharimia kumfundisha imeupoteza pamoja naye.

Jambo hili lina historia Afrika Mashariki. Vita Kuu ya Pili ilipokwisha mwaka 1945, askari wa King's African Rifles, yaani KAR, walirudi nyumbani pamoja na madereva, mafundi, wapeleka habari kwa simu na wauguzi wa vikosi vya Afrika Mashariki waliotumika Ethiopia, Madagaska na Burma. Waruhiu Itote, ambaye baadaye alijulikana kama Jenerali China wa Mau Mau, alipigana Burma na kufikia cheo cha koplo. Aliporudi Kenya aliishia kuwa mchochea moto kwenye garimoshi. Bildad Kaggia alikuwa karani jeshini, naye aliporudi alipata kazi ya ukarani benki, Nairobi. Elimu ya shule ilimsaidia Kaggia, hilo halina shaka. Hata hivyo alikuwa na jambo jingine lililomwezesha: kazi aliyoifanya akiwa na sare ilikuwa na jina lile lile mjini, kwa hiyo hapakuwa na haja ya kumfafanulia mtu. Mwenye kazi ambayo uraiani haina jina linalofahamika, au ina jina lakini haijulikani kwamba jeshini nako hufanyika, ndiye anayehitaji barua nzuri kuliko wote.

Mfano mzuri wa kufuatilia ni mtunza bohari. Tuseme ni koplo wa JWTZ aliyemaliza miaka 12, minane kati ya hiyo akiwa kwenye bohari ya kikosi. Si bohari ya silaha. Alitunza sare, mablanketi, mahema, vyombo vya jikoni, vyakula vikavu na vipuri vidogo vya magari. Sasa yuko Dodoma, na ameona tangazo la muuzaji wa jumla wa vifaa vya ujenzi anayetafuta mtunza stoo. Koplo huyu ni wa kubuni, lakini kazi anayoieleza ni ile inayofanyika kila siku mahali popote mali inapopokelewa, kutunzwa na kutolewa kwa maandishi.

Rasimu yake ya kwanza ina sentensi moja inayohusu kazi: "Nimelitumikia jeshi kwa miaka 12 kwa nidhamu ya hali ya juu na nilikuwa mtu wa bohari." Mwenye duka akiisoma hajui bohari hiyo ilikuwa chumba chenye ndoo kumi au ghala lenye bidhaa mia kadhaa. Hajui kama huyu ndiye aliyeshika leja au ndiye aliyebeba magunia. Hajui kama mali iliwahi kuhesabiwa, ilihesabiwa na nani, na ilipopungua ikawaje. Yote hayo koplo anayajua. Hakuyaandika kwa sababu kwake ni mambo ya kawaida, na mtu aliyezoea jambo huwa haoni kwamba lina cha kuelezwa.

Kazi yenyewe huenda hivi. Mali inapofika, mtunza bohari huihesabu mbele ya aliyeileta, akilinganisha na hati iliyokuja na gari. Kama hati inasema mablanketi 200 na yaliyoshuka ni 198, anaandika 198, na dereva anatia sahihi kwamba ameuona upungufu. Hati haisainiwi kwanza ili mali ihesabiwe baadaye. Kisha mali inaingizwa kwenye leja, na kadi inayoning'inia kwenye rundo la bidhaa hiyo inaandikwa tarehe, kiasi kilichoingia na salio. Mali inapotoka, lazima kuwe na ombi lenye sahihi ya mwenye mamlaka ya kuomba. Vocha ya kutolea inaandikwa na nakala zake, mpokeaji anatia sahihi, na salio linapunguzwa kwenye kadi na kwenye leja. Kwa hiyo wakati wowote idadi ile ile inatakiwa ionekane mahali patatu: kwenye rundo, kwenye kadi na kwenye leja. Mkaguzi anayeijua kazi huanza na rundo, kwa sababu kadi na leja zinaweza kulinganishwa na mtu aliyekaa mezani, lakini rundo halina mtu wa kulisahihisha.

Uraiani utaratibu ni huo huo katika stoo yoyote inayoendeshwa vizuri. Jeshini kinachozidi ni uzito wa wajibu. Upungufu usioelezeka unaweza kumfikisha mtunza bohari mbele ya mkuu wake kujibu mashtaka, na anapohamishwa hawezi kuondoka mpaka kila kitu kihesabiwe upya mbele ya anayempokea, kimoja kimoja, na wote wawili watie sahihi kwenye hati ya makabidhiano. Mtu aliyekabidhi bohari mara mbili au tatu bila upungufu ana ushahidi ambao watunza stoo wengi wa kiraia hawana. Hiyo ni sentensi inayostahili kukaa katika aya ya kwanza ya barua yake, na mara nyingi ndiyo inayokosekana kabisa.

Kuna jambo jingine linalomshawishi mwajiri kuliko sifa, nalo ni kisa kimoja kilichoelezwa kikamilifu. Koplo wetu anakumbuka hesabu ya mwisho wa mwezi ambapo leja ilionyesha magunia 84 ya maharage na ghalani yalikuwepo 81. Mtu mwingine angebadilisha leja isome 81 na kuendelea na kazi. Yeye alichukua vocha zote za kutolea za mwezi ule na kuzilinganisha na leja mstari kwa mstari. Zote zililingana, maana yake kosa halikuwa katika kunakili. Ndipo akauliza ni siku gani mali ilitoka bila yeye kuwepo. Akapata usiku mmoja ambapo gari liliondoka kwa haraka na aliyekuwa zamu akatoa magunia matatu kwa kikaratasi cha muda, akikusudia kuandika vocha asubuhi. Kikaratasi kilikuwa bado ndani ya droo. Vocha iliandikwa, ikasainiwa na waliohusika, leja ikarekebishwa kwa maelezo, na tangu hapo vikaratasi vya muda vikawekewa daftari lao lililofungwa kwa kamba kwenye meza ya zamu.

Kisa hiki kina magunia matatu tu, lakini mwenye duka la saruji anakielewa mara moja, maana hasara yake mwenyewe huingia kwa mlango huo huo. Mteja mkubwa anakuja saa kumi na mbili jioni, mtu wa leja ameshaondoka, mifuko inapakiwa kwa ahadi kwamba itaandikwa kesho. Au fuso inapakiwa mifuko 50 na kijana wa kupakia anaongeza miwili kwa makubaliano na dereva. Barua isiyotaja wizi hata mara moja, ila ikaonyesha mtu aliyezoea kuhesabu mbele ya dereva na kutafuta magunia matatu mpaka ayapate, imeshajibu swali linalomnyima mwenye duka usingizi.

Kinachofuata ni kuisogeza kazi ya jeshini karibu na bidhaa za mwajiri, na mwombaji anapaswa kuifanya kazi hiyo mwenyewe asimwachie msomaji. Saruji na unga vinaharibiwa na adui mmoja, unyevu. Mfuko wa saruji wa kilo 50 uliokaa sakafuni au ulioegemezwa ukutani huvuta unyevu na kuanza kushika mabonge, na hata uliohifadhiwa vizuri hupungua nguvu kadiri miezi inavyopita, kiasi kwamba baada ya miezi mitatu hivi mafundi huutilia shaka. Dawa yake ni mbao chini, nafasi kati ya rundo na ukuta, rundo lisilorefuka mno likaibana mifuko ya chini, na mzigo ulioingia kwanza kutoka kwanza. Mtu aliyetunza unga na maharage ghalani msimu wa masika amefanya haya yote. Akiandika tu kwamba alitunza vyakula, mwenye duka ataona vyakula. Akiandika kwamba alipanga mizigo inayoharibiwa na unyevu na kuitoa kwa kufuata tarehe ya kuingia, mwenye duka ataona saruji yake.

Yako pia ambayo jeshi halikumfundisha, na barua ya kweli huyasema kwa ufupi. Koplo hajawahi kuuza. Hakuna aliyekuja boharini kupatana bei ya bati, hajashika mashine ya EFD ya kutolea risiti, na hajui mambo ya mteja anayechukua leo na kulipa mwisho wa mwezi. Pengine leja zake zote zilikuwa za mkono. Mwajiri atayagundua haya wiki ya kwanza, na ni afadhali ayasome kwenye barua, pamoja na hatua ambayo mwombaji ameshaichukua: mafunzo ya kompyuta, au miezi michache ya kusaidia kwenye duka la ndugu. Nusu sentensi inatosha. Barua inayotumia aya nzima kuomba radhi kwa upungufu inamfanya msomaji asahau yaliyotangulia.

Cheo nacho kinahitaji maelezo. Mwombaji akiandika "Koplo" bila neno zaidi, raia hajui kama huyo aliongoza watu wawili au mia mbili. Katika muundo wa kawaida wa askari wa miguu, seksheni huwa na watu kama kumi, na koplo ndiye kiongozi wake. Platuni huwa na watu kama thelathini, na kombania huvuka mia. Boharini hesabu ni nyingine kabisa, na koplo anaweza kuwa na wasaidizi watatu au wanne. Kwa hiyo ni bora barua itaje watu na kazi: alisimamia wasaidizi wanne, aliwapangia zamu, aliwafundisha kujaza kadi. Hapo ndipo pia inapojibiwa hofu ambayo waajiri wengi wanayo lakini hawaisemi, kwamba mwanajeshi anajua kupokea amri na kutoa amri tu, na kwamba atawafokea vijana wa kupakia mizigo. Hofu hiyo haiondolewi kwa kuandika "nina uwezo wa kushirikiana na watu wa aina zote". Inapungua kidogo msomaji anapoona kwamba mtu huyu amewahi kumkalisha kijana asiyejua leja na kumfundisha mpaka akaachiwa zamu peke yake.

Aliyewahi kwenda kwenye ulinzi wa amani ana jambo la ziada, na mara nyingi analieleza vibaya. Wanajeshi wa Tanzania wametumika chini ya Umoja wa Mataifa katika nchi kadhaa, zikiwemo Sudan huko Darfur, Lebanoni na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, ambako kikosi cha kuingilia kati kiliidhinishwa mwaka 2013. Barua nyingi hutaja nchi na nishani, kisha zinanyamaza. Kwa mtunza bohari, jambo kubwa la misheni ni ukaguzi. Umoja wa Mataifa huzirudishia nchi gharama za vifaa ambavyo vikosi vyao vimekwenda navyo, kwa sharti kwamba vifaa hivyo vipo na vinafanya kazi. Kwa hiyo wakaguzi wasio wa kikosi hicho huvikagua vinapofika, kisha mara kwa mara wakati wa misheni, na tena vinapoondoka. Jenereta iliyo kwenye orodha lakini haiwaki haihesabiwi kuwa ipo, na nchi inakosa fedha. Mtu aliyesimama na orodha yake mbele ya mkaguzi mgeni, kwa lugha ya kigeni, akionyesha kifaa kimoja baada ya kingine, ana uzoefu ambao kampuni yoyote inayokaguliwa na wakaguzi wa nje wa hesabu itauthamini. Nishani ikatajwe kwenye wasifu. Ndani ya barua uwekwe ukaguzi.

Katika kueleza haya yote kuna mpaka wa kuheshimu. Aliyeondoka jeshini bado anabanwa na wajibu wa kutunza siri, na Tanzania ina Sheria ya Usalama wa Taifa ya mwaka 1970 inayohusu taarifa zinazolindwa. Wengi wanajua kwamba hawapaswi kuandika kuhusu silaha, mipango ya operesheni au mahali zilipo bohari. Kinachowaponyoka ni takwimu zinazoonekana hazina madhara. Anayeandika kwamba alitoa unga kilo 300 kwa siku, na kila askari akipata nusu kilo, amekwisha kusema kikosi kina watu 600. Lita za dizeli kwa wiki hueleza idadi ya magari na mwendo wake. Njia salama ni kutumia vipimo vya kazi ya mtu mwenyewe: aina za bidhaa alizosimamia, wasaidizi aliokuwa nao, mara alizokaguliwa, makabidhiano aliyofanya. Kisa cha magunia 84 hakina ubaya, kwa kuwa salio la siku moja la bidhaa moja halimwambii mtu chochote kuhusu walaji. Mwajiri akiuliza zaidi wakati wa usaili, jibu la kwamba jambo hilo halizungumzwi nje ya jeshi linatosha, na mwajiri mwenye busara atafurahi kuona mtu anayejua kutunza ya tajiri wake wa zamani.

Barua za kazi Tanzania zina sura yake inayofahamika, na hakuna faida ya kuivunja. Anwani ya mwandishi na tarehe hukaa juu kulia, anwani ya mwajiri kushoto, kisha salamu na kichwa cha habari. Lugha hufuata tangazo. Tangazo la Kiingereza hujibiwa kwa Kiingereza. La muuzaji wetu wa Dodoma lilikuwa la Kiswahili, na barua ya koplo, baada ya kuandikwa upya, inaweza kusomeka hivi:

"Ndugu Meneja,

YAH: OMBI LA KAZI YA MTUNZA STOO

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Ninaomba kazi ya mtunza stoo mliyoitangaza. Nimetunza bohari ya kikosi katika JWTZ kwa miaka minane, na mara tatu nimeikabidhi kwa hesabu kamili bila upungufu.

Boharini nilisimamia aina zaidi ya 200 za bidhaa: sare, mahema, vyombo, vyakula vikavu na vipuri vidogo. Nilipokea mali kwa kuihesabu mbele ya dereva, nikashika leja na kadi za bidhaa, na sikutoa kitu bila vocha yenye sahihi. Kila mwisho wa mwezi nililinganisha rundo, kadi na leja. Mwezi mmoja nilikuta magunia 81 ya maharage mahali pa 84. Nilipitia vocha zote na kugundua kwamba matatu yalitoka usiku kwa kikaratasi ambacho hakikuingizwa. Tangu hapo nilianzisha daftari la mali inayotoka nje ya saa za kazi, na tatizo hilo halikurudi.

Mizigo inayoharibiwa na unyevu niliipanga juu ya mbao, mbali na ukuta, na kuitoa kwa kufuata tarehe ya kuingia. Ninaamini utaratibu huo unafaa kwa saruji na jasi mnazouza. Nilikuwa na wasaidizi wanne. Wawili kati yao niliwafundisha leja tangu mwanzo. Kwa mwaka mmoja nilitunza vifaa katika misheni ya Umoja wa Mataifa, ambako orodha yangu ilikaguliwa na wakaguzi wa nje.

Sijawahi kufanya kazi ya mauzo wala kutumia mashine ya EFD. Kompyuta nimejifunza, na ninaweza kutunza salio la stoo kwenye Excel.

Ninaambatisha wasifu, nakala ya hati yangu ya kumaliza utumishi na vyeti. Nitashukuru kuitwa kwa usaili au kwa siku moja ya majaribio stoo.

Wako katika ujenzi wa taifa,"

Kisha sahihi, jina kamili na namba ya simu. Neno nidhamu halimo ndani ya barua hii, na hakuna anayeimaliza akiwa na shaka nayo. Ombi la siku moja ya majaribio limewekwa kwa makusudi: mtu wa kazi za mikono na hesabu hujieleza vizuri zaidi akiwa katikati ya mali kuliko akiwa mbele ya meza ya usaili, na kwa mwajiri siku moja ni gharama ndogo. Barua nzima inatosha ukurasa mmoja. Mafunzo yote ya kijeshi, tarehe za kupandishwa cheo na nishani zina mahali pake kwenye wasifu.

Si kila fani inavuka kwa barua peke yake. Mtunza stoo anaweza kuanza kazi kwa kuaminiwa, ingawa akitaka kupanda ngazi katika ununuzi na ugavi atakutana na bodi ya fani hiyo, PSPTB, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2007, pamoja na mitihani yake. Kwa wengine mlango umefungwa mpaka karatasi ya kiraia ipatikane. Dereva aliyeendesha malori yenye namba za JW kwa miaka kumi bado anatakiwa kuwa na leseni ya kiraia ya daraja linalofaa kwa gari atakalopewa. Muuguzi wa zahanati ya kikosi lazima awe amesajiliwa na Baraza la Uuguzi na Ukunga. Fundi umeme anayetaka kufunga nyaya kwenye majengo ya watu anahitaji leseni ya EWURA. Wa namna hii wakiandika barua kabla ya kuyaweka sawa hayo, ujuzi wao utasifiwa na kazi atapewa mwingine. Kinachofaa ni kushughulikia leseni au usajili miezi kadhaa kabla ya kuvua sare, pale utaratibu wa kikosi unaporuhusu, ili namba ya leseni iwe kwenye sentensi ya kwanza.

Kwa fundi ambaye ujuzi wake haukuwahi kuwa na cheti cha aina yoyote, kwa mfano aliyejifunza kuchomelea, useremala au upishi kwa kuwekwa chini ya askari mkongwe, VETA ina utaratibu wa urasimishaji wa ujuzi uliopatikana nje ya mfumo rasmi. Mwombaji hupimwa kwa vitendo na kwa maswali katika kazi anayodai kuijua, anaelekezwa mahali alipopungua, na akifikia kiwango anapewa cheti. Utaratibu huu uliwekwa kwa ajili ya mafundi wa mitaani, na kwa fundi wa jeshini unafaa vile vile, kwa kuwa tatizo lao ni moja: mkono unajua na karatasi hakuna. Mpimaji hataki kusikia cheo. Anataka kuona kiungo kilichochomelewa kikapoa bila ufa.

Mwisho kuna wadhamini, ambao kwa kawaida waajiri huwataka wawili au watatu. Makosa ya kawaida ni kuandika jina la mkuu mwenye cheo kikubwa kuliko wote ambaye mwombaji amewahi kupiga naye picha. Mkuu huyo akipigiwa simu hatakuwa na la kusema kuhusu leja. Anayefaa ni aliyeikagua bohari: afisa ugavi wa kikosi, au sajenti aliyemtangulia na sasa amestaafu. Aliye bado kazini huenda akahitaji ruhusa kabla ya kuzungumza na mtu wa nje, kwa hiyo aulizwe mapema, na mwajiri ajulishwe kwamba maswali yahusu tabia na utendaji wa mwombaji peke yake. Mwajiri naye ana wajibu wake. Hati ya kumaliza utumishi huonyesha miaka na namna mtu alivyoondoka, na ni haki yake kuiona hati halisi. Akitaka kujua kama aliyeandika barua ndiye aliyeifanya kazi, ampe kadi ya bidhaa isiyo na maandishi, vocha tatu na rundo la mifuko, kisha atazame anaanzia wapi. Aliyekaa boharini ataanza kuhesabu mifuko.